Jibu Lililokula Usiku wa Omena

Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, uvuvi wa omena husimamishwa kwa kawaida tarehe 1 Aprili na kufunguliwa tena tarehe 1 Agosti, ili samaki hao wadogo wapate nafasi ya kuzaana. Kwa hiyo mwisho wa Julai maduka ya vifaa vya uvuvi mjini Kisumu hayapumui. Wenye mashua wa Mbita, Usenge na visiwani wote wanataka nyavu, kamba na vielea katika wiki moja, na mizigo inapakiwa kwa haraka juu ya magari yanayoelekea ziwani. Hapo ndipo makosa ya kufunga mizigo huzaliwa. Kisa kifuatacho nimekitunga kwa ajili ya kufundishia, na watu wake sikuwapa majina. Lakini kalenda yake ni ya kweli: ni ya mwaka 2024, na mwezi wa angani umo ndani yake kama mhusika.

Mama mmoja wa Mbita, mwenye mashua yake na wavuvi anaowaajiri, aliagiza vipande vinne vya wavu wa omena wa milimita 10 kutoka duka moja la Kisumu. Alilipa kwa M-Pesa Jumatano tarehe 24 Julai. Mzigo ulipakiwa siku iliyofuata, naye akaupokea Ijumaa. Jumamosi fundi wake wa nyavu alifika kuanza kazi ya kuunganisha vipande, kupitisha kamba, kufunga vielea juu na vizito chini. Akashika kipande cha kwanza, akashika cha tatu, kisha akakiweka kando. Vipande viwili vilikuwa sawa. Viwili vilikuwa na macho madogo mno.

Fundi wa namna hii hahitaji kubahatisha. Huuvuta wavu mpaka macho yake yafunge, akahesabu macho kumi kwa mstari mmoja na kuyalaza juu ya rula. Wavu wa milimita 10 hutoa sentimita 10 hivi. Vipande vile viwili vilitoa sentimita 6. Mama alipiga picha wavu ukiwa juu ya rula, akapiga na picha ya kibandiko cha mfuko, akazituma dukani saa tano asubuhi pamoja na maneno machache: niliagiza milimita 10, mmeniletea milimita 6 vipande viwili, na Alhamisi tunaingia ziwani.

Malalamiko yale yalikuwa mazuri kuliko mengi ambayo maduka hupokea. Yalitaja kilichoagizwa, kilichofika, idadi, ushahidi na siku ya mwisho. Aliyeyasoma hakuhitaji kuuliza swali lolote. Hata hivyo jibu lilitoka Jumatatu asubuhi, nalo lilikuwa hivi:

"Mpendwa mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Malalamiko yako yamepokelewa na yanashughulikiwa. Tafadhali rudisha bidhaa zikiwa katika hali yake ya awali na kwenye mfuko wake. Baada ya kuzipokea na kuzikagua, utatumiwa nyingine ndani ya siku 7 za kazi. Asante kwa kuendelea kutuamini."

Ukilisoma haraka, jibu hili lina adabu. Lina radhi, lina maelekezo ya kurudisha, na lina muda. Ndiyo maana nimelichagua kuwa la kufundishia, kwa sababu maduka mengi yangeliona limekamilika. Hebu tulifuate mpaka lilipomfikisha yule mama.

Jibu lilisema arudishe "bidhaa". Bidhaa zipi? Vipande vinne vyote, au viwili vyenye kosa? Kwa kuogopa kukosea, mama alimsimamisha fundi asiguse hata vile viwili vilivyo sawa, na siku ya kazi ikapotea. Halikusema anayelipa nauli ya kurudisha ni nani, wala mzigo upokelewe na nani. Mama alituma viwili vyenye kosa Jumanne bila kulipia, akiamini kwamba aliyekosea ndiye atakayelipa. Mzigo ukafika Kisumu Jumatano tarehe 31 Julai, ukakaa kwenye ofisi ya mizigo, kwa kuwa dukani hakuna aliyeambiwa aende kuulipia. Ulichukuliwa Ijumaa tarehe 2 Agosti, baada ya simu kadhaa.

Siku 7 za kazi zikaanza kuhesabiwa hapo. Ondoa Jumamosi na Jumapili, na siku ya saba inaangukia Jumanne tarehe 13 Agosti. Wavu ukipanda gari siku hiyo, unafika Mbita jioni au kesho yake. Fundi akitumia siku mbili au tatu, wavu uko tayari tarehe 16 au 17. Duka lingeweza kusema kwa haki kabisa kwamba limetimiza ahadi yake.

Sasa tazama angani. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, na siku hizi wengi hutumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Taa huelea juu ya maji, omena huifuata nuru, kisha wavu huwazunguka. Kazi hiyo inataka giza. Mwezi unapong'aa, nuru husambaa ziwa zima, omena hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa za mbalamwezi. Mwaka 2024 giza kamili la mwezi lilikuwa tarehe 4 Agosti, siku tatu tu baada ya msimu kufunguliwa. Ilikuwa bahati ambayo haiji kila mwaka. Kufikia tarehe 12 mwezi ulikuwa nusu, ukiangaza mpaka kama usiku wa manane. Tarehe 19 ulikuwa mpevu. Giza kamili lililofuata lilikuwa tarehe 3 Septemba.

Kwa hiyo wavu uliobadilishwa "ndani ya siku 7 za kazi" ungefika mikononi mwa wavuvi wakati mwezi unakaribia kuwa mpevu. Usiku wote wa giza wa mwanzo wa msimu, ambao ndio mama alinunulia wavu, ungekuwa umepita. Aliyeandika jibu aliutoa muda wake kwenye desturi ya ofisi na hakuulinganisha na kazi ya mteja. Muda wa kubadilisha mzigo hupimwa kwa siku ambayo mteja anahitaji kuanza kazi. Siku hiyo mama alikuwa ameitaja mwenyewe katika ujumbe wake.

Liko kosa jingine katika jibu lile, na hili ni zito zaidi: halikusema neno lolote kuhusu milimita 6. Upande wa Kenya wa ziwa hili wavu wa omena wenye jicho chini ya milimita 10 hauruhusiwi kwa uvuvi. Maofisa wa uvuvi, wakisaidiana na vikundi vya usimamizi wa fukwe, vile ambavyo kila mtu anaviita BMU, wana mamlaka ya kuukamata, na nyavu za aina hiyo huishia kuchomwa moto hadharani. Duka liliweza kuwa nazo kihalali, kwa sababu wavu wa jicho dogo hutumika kutengenezea vizimba vya kulelea vifaranga wa samaki, na ufugaji wa ngege katika vizimba umeenea sana ziwani, hasa upande wa Siaya. Lakini wavu uleule ukivulia omena unamweka mwenye mashua mashakani. Mteja aliyebanwa na muda, akiwa na vipande viwili vya ziada nyumbani, anaweza kushawishika kuvishona. Muuzaji ambaye hamwonyi mapema, au anayemwambia "tumia tu, nitakupunguzia bei", anamuuzia kesi.

Jibu lilipaswa kuandikwa Jumamosi ileile, na kuandikwa hivi:

"Habari Mama. Nimeziona picha zako. Uliagiza na kulipia vipande vinne vya milimita 10. Tulikutumia viwili vya milimita 10 na viwili vya milimita 6. Kosa ni letu, lilitokea stoo wakati wa kufunga mzigo. Pole sana.

Vile viwili vya milimita 10 ni vyako, fundi aendelee navyo leo. Vya milimita 6 usivishone wala usiviingize majini, maana haviruhusiwi kuvulia omena na vinaweza kukamatwa.

Nimetenga vipande viwili vya milimita 10, nimevipima mwenyewe kwa rula na picha hii hapa. Vitapanda gari la kwanza la Jumatatu tarehe 29 na vitafika Mbita siku hiyohiyo. Kabla ya saa nne asubuhi nitakutumia picha ya risiti ya mzigo na namba ya gari. Nauli tumelipa sisi.

Utakapokwenda kuchukua vipya, mkabidhi karani wa ofisi hiyohiyo vile vya milimita 6. Mfuko wowote unafaa, hata kama wa kwanza umechanika. Andika juu yake jina la duka na namba ya oda, mwambie nauli italipwa Kisumu, na upige picha risiti atakayokupa. Vipya vyako havitasubiri vya zamani virudi.

Kama umepata nyavu kwingine, au muda huu haukufai, niambie kabla ya kesho jioni, tukurudishie pesa za vipande viwili kwenye namba ileile uliyolipia. Hatutakuomba namba ya siri wala ada yoyote. Jumatatu saa kumi na mbili jioni nitakupigia kuhakikisha umepokea."

Jibu hili ni refu kuliko la kwanza, lakini halina sentensi inayomwacha mama akijiuliza. Hesabu siku zake: vipande vinafika Jumatatu tarehe 29, fundi ana Jumanne na Jumatano, na Alhamisi tarehe 1 Agosti mashua inaingia ziwani ikiwa na giza la wiki nzima na zaidi mbele yake. Duka halikuhitaji gari la kukodi wala mfanyakazi wa ziada. Lilihitaji mtu wa kusoma ujumbe siku ulipoingia na kwenda stoo na rula.

Niseme kidogo juu ya kurudisha, maana hapo ndipo maduka mengi hujipa haki ambayo hayana. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inamwona mnunuzi aliyeletewa bidhaa alizoagiza zikiwa zimechanganywa na nyingine kuwa mtu mwenye hiari. Anaweza kupokea zilizo sawa na kukataa nyingine, au kuzikataa zote. Na akizikataa kwa haki, halazimiki kuzirudisha kwa muuzaji, isipokuwa kama walikubaliana hivyo. Inatosha kumjulisha kwamba amezikataa. Kuzichukua ni shughuli ya muuzaji. Kwa hiyo jibu linaloanza kwa kumwamuru mteja arudishe kwanza, kwa gharama ambayo haikutajwa, ndipo ahudumiwe, limeigeuza sheria juu chini. Ukimwomba mteja akusaidie kuukabidhi mzigo kwa karani, unaomba hisani. Iombe kwa lugha ya kuomba, na ulipe nauli.

Vivyo hivyo sharti la "hali yake ya awali na kwenye mfuko wake". Mama hakuweza kujua macho ya wavu bila kuukata mfuko na kuuvuta wavu. Sheria ileile inampa mnunuzi nafasi ya kukagua kabla ya kuhesabiwa kuwa amepokea, na mfuko uliofunguliwa kwa ukaguzi haumpotezei haki. Kinachoweza kumpotezea ni kuutumia wavu kama wake, kwa mfano kuushona kwenye kamba na kuuvulia, au kukaa nao kimya muda mrefu kupita kiasi. Ndiyo maana onyo la kutoushona lina faida kwa pande zote mbili: linamlinda mteja asikamatwe, na linalinda mali ya duka ipate kuuzwa tena kwa mfugaji wa vizimba.

Kuhusu namba ya siri, sikuiandika kwa kupamba. Mteja anayesubiri kurudishiwa pesa ni windo rahisi. Tapeli akipata habari, humpigia akijifanya mtu wa duka na kumwambia aweke namba yake ya siri ili pesa ziingie. Sentensi moja katika jibu la kwanza, inayotaja pesa zitakwenda namba ipi na kwamba hakuna atakachoombwa, inafunga mlango huo mapema.

Sasa nirudi dukani, kwa sababu kuna jambo ambalo hata jibu zuri haliwezi kulifanya lenyewe. Mwandishi wa jibu la Jumatatu hakujiuliza swali hili: ikiwa vipande viwili vya milimita 6 vilikwenda Mbita, vile viwili vya milimita 10 vilivyotengwa kwa ajili ya Mbita vimekwenda wapi? Katika kufunga mizigo kwa haraka, kosa la kubadilishana mara nyingi lina miguu miwili. Mtu mmoja akipata cha mwenzake, na mwenzake amepata cha kwake. Siku ile ya Alhamisi duka lilikuwa limepeleka pia mzigo Usenge, kwa mfugaji wa ngege aliyekuwa akishona kizimba cha kulelea vifaranga wadogo kabisa. Nyavu zilikuwa za rangi moja, katika mifuko ya namna moja, na tofauti ilikuwa kwenye kibandiko tu, ambacho mfungaji hakukisoma. Mfugaji naye hakukisoma. Alishona, akaweka kizimba majini, akamimina vifaranga. Waliopenya kwenye macho ya milimita 10 hawakuonekana tena.

Lau mtu angefungua daftari la Alhamisi mara tu ujumbe wa Mbita ulipoingia, angeona kwamba siku hiyo milimita 6 ziliuzwa kwa mteja mmoja tu, akampigia simu kabla hajashona. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kusahihisha, na inapaswa kufanywa kabla ya kuandika jibu: hesabu kilichobaki stoo, kilinganishe na daftari, utafute mzigo wa pili. Ikiwa milimita 10 zimepungua vipande viwili tu wakati daftari linasema vilitoka vinne kwenda Mbita, kosa liliishia kwa mteja mmoja. Zikipungua vinne, kuna mtu mwingine ana vipande viwili visivyo vyake, na bado hajui.

Hesabu hiyo ina faida nyingine. Inakuambia kama unacho cha kubadilisha. Kuna maduka huahidi siku tatu, kisha hugundua kwamba milimita 10 zimekwisha na shehena inatoka Nairobi wiki ijayo. Ahadi ya pili baada ya ya kwanza kuvunjika haina uzito wowote kwa mteja. Kama stoo imekauka, liseme jambo hilo katika jibu la kwanza: hatuna, zitafika siku fulani, najua msimu unaanza Alhamisi, chagua kati ya kungoja na kurudishiwa pesa leo. Mteja atakasirika, lakini atakuwa na siku nne za kutafuta kwingine. Muda huo ni mali yake, na duka halina haki ya kuushikilia kwa maneno ya matumaini.

Neno moja kuhusu radhi. "Usumbufu wowote uliojitokeza" ni maneno ya mtu asiyetaka kukiri kwamba usumbufu upo na kwamba ameusababisha yeye. Mama wa Mbita alikuwa na wavuvi waliokwisha kuahidiwa kazi na fundi aliyelipwa nusu. Kumwambia "tulikutumia milimita 6 ulipoagiza milimita 10" kunampa zaidi ya kuombwa radhi mara tatu, kwa sababu kunamwonyesha kwamba ujumbe wake umesomwa na hatalazimika kueleza upya kwa mtu mwingine kesho.

Mama hakungoja tarehe 13. Ijumaa tarehe 2, aliposikia kwamba mzigo wake ndiyo kwanza unachukuliwa ofisini, alikwenda Homa Bay akanunua vipande viwili vya milimita 10 kwa pesa taslimu, na Jumatatu usiku mashua yake ilikuwa ziwani, siku nne baada ya wenzake. Kisha aliandika dukani kwamba hataki tena vya kubadilishiwa, anataka pesa za vipande viwili. Duka lilimjibu kuwa utaratibu wake ni kubadilisha, si kurudisha pesa. Utaratibu huo hauna nguvu mbele ya sheria: mama alikataa bidhaa ambazo hakuagiza, alikataa siku ya kwanza aliyozikagua, na alizirudisha ingawa hakulazimika. Alidai pesa zake kwa ujumbe wa pili uliotaja Sura ya 31, na duka likamrudishia zote. Mfugaji wa Usenge yeye hana vifaranga wa kurudishiwa. Wewe unayeuza nyavu Kisumu, leo ukipokea ujumbe wenye picha ya rula, nenda stoo kwanza ukahesabu, kisha urudi uandike jibu lenye tarehe ndani yake.